Kabla Kipakatalishi Hakijatoka Mkononi: Jinsi ya Kufuta Faili Zisirudi Tena

Mwaka wa kifedha unapokaribia kwisha mwezi wa Juni, ofisi nyingi za umma huorodhesha vifaa vilivyochakaa ili viuzwe kwa mnada. Nyumbani nako hali ni hiyo hiyo. Karo ikifika, kipakatalishi cha zamani huuzwa kwa jirani, hupelekwa kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika, au hupewa binamu anayejiunga na chuo. Karibu kila mtu anayefanya hivyo hufuta faili zake kwanza na kuamini kwamba zimetoweka. Mara nyingi hazijatoweka.

Makala hii inaeleza kwa nini faili iliyofutwa huweza kurudishwa, nini cha kufanya ili isirudi, na jinsi ya kuhakikisha mwenyewe kwamba kazi imekamilika. Tumechukua vipakatalishi vinavyotumia Windows kwa kuwa ndivyo vilivyo vingi katika ofisi na nyumba zetu.

Kufuta si kuondoa

Fikiria soko letu la kaunti. Msimamizi ana daftari linaloonyesha kila kibanda na mfanyabiashara aliyekipangisha. Mpangaji akihama, karani hupiga mstari juu ya jina lake na kuandika kwamba kibanda ki wazi. Lakini karani hakuenda kufagia kibanda. Masanduku yaliyoachwa ndani yatakaa pale pale hadi mpangaji mpya aingie na kuweka bidhaa zake.

Diski ya kompyuta hufanya kazi vivyo hivyo. Ina orodha inayoonyesha kila faili iko wapi. Unapofuta faili na kisha kumwaga `Recycle Bin`, Windows huandika tu kwenye orodha hiyo kwamba nafasi ile sasa ni huru. Yaliyomo hayajaguswa. Yatabaki mpaka faili nyingine iandikwe juu yake, na kwenye diski kubwa isiyojaa hilo linaweza kuchukua miezi au miaka.

Programu za kurudisha faili hutumia mwanya huo. Nyingine husoma mistari iliyofutwa kwenye orodha. Nyingine, kama PhotoRec, haziitazami orodha kabisa. Hupita diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho zikitafuta alama zinazotambulisha aina ya faili. Faili ya PDF, kwa mfano, huanza na herufi `%PDF`, na picha huanza na alama zake. Programu ikikutana na alama hiyo hujua kwamba hapa pana hati, na huitoa. PhotoRec ni ya bure, na mtu yeyote anayejua kutumia kompyuta kwa wastani anaweza kuiendesha.

Njia nyingine mbili ambazo watu huziamini pia hazitoshi. Ya kwanza ni nenosiri la kuingilia Windows. Nenosiri hilo hulinda mlango tu. Diski ikifunguliwa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, faili husomeka bila kuulizwa chochote, isipokuwa kama diski yenyewe imesimbwa, jambo tutakalolieleza baadaye. Ya pili ni kufomati kwa haraka, yaani `Quick Format`. Hatua hiyo huleta daftari jipya tupu, lakini vibanda vyote hubaki na masanduku yake.

Tatizo hili si la kubuni. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 zilizotumika ambazo walikuwa wamezinunua. Diski 129 kati ya hizo zilikuwa bado zinafanya kazi, na ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta barua za watu, habari za matibabu na nambari za kadi za benki. Wengi wa waliouza diski hizo bila shaka walidhani wamekwisha kufuta.

Mfano: vipakatalishi viwili vya ofisi ya wadi

Ili tueleweke, tuchukue mfano wa ofisi ya wadi yenye vipakatalishi viwili vinavyotakiwa kuondolewa. Vyote vimetumika kupokea maombi ya basari. Ndani yake mna nakala za vitambulisho vya wazazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua za machifu zinazoeleza ni nani yatima na ni nani mgonjwa, na orodha za nambari za simu. Mtu mwenye nia mbaya akizipata, anaweza kumpigia mzazi akijifanya afisa wa basari, amtajie jina la mtoto na shule yake, kisha amwombe pesa za kushughulikia fomu. Mzazi ataamini, kwa sababu anayepiga anajua mengi.

Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiziachi taarifa hizi zikae ovyo. Inataka anayezishikilia azifute au aondoe majina pindi anapokuwa hazihitaji tena kwa kazi aliyozikusanyia, na adhabu ya kuikiuka inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5. Kwa upande mwingine, kumbukumbu za umma haziharibiwi bila idhini. Kwa hivyo hatua ya kwanza katika ofisi ya umma ni kunakili kumbukumbu zinazotakiwa kuhifadhiwa hadi mahali rasmi, kuhakikisha nakala inafunguka, na kupata kibali cha maandishi. Kufuta ndiko kunakofuata, na kukishafanyika ipasavyo hakuna kurudi nyuma.

Kipakatalishi cha kwanza ni cha zamani na kina diski ya kuzunguka ya GB 500. Cha pili ni kipya kidogo na kina diski ya chipu ya GB 256. Tofauti hii ndiyo inayoamua njia ya kufuata, kwa hivyo ijue kabla ya kugusa kitu kingine. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `dfrgui` kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka lina safu iitwayo `Media type`. Likisema `Hard disk drive`, una diski ya kuzunguka. Likisema `Solid state drive`, una diski ya chipu.

Diski ya kuzunguka: andika juu ya kila kitu

Diski ya kuzunguka ina sahani ndani yake, na kila nafasi kwenye sahani ina mahali pake pasipobadilika. Ukiandika sifuri juu ya nafasi fulani, kilichokuwepo kimefunikwa. Basi dawa yake ni kuandika sifuri kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho.

Windows haiwezi kujifuta ikiwa inatumika, kwa hivyo unahitaji flashi ya kusakinishia Windows. Flashi ya GB 8 inatosha, na programu ya kuitengeneza hupatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Chomeka chaja ya kipakatalishi, chomoa diski nyingine zozote za nje, kisha washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo. Ukifika kwenye skrini ya kwanza ya kuchagua lugha, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Dirisha jeusi litafunguka. Andika amri hizi moja baada ya nyingine:

```
diskpart
list disk
select disk 0
clean all
```

Simama kidogo baada ya amri ya pili. Itakuonyesha diski zote pamoja na ukubwa wake. Katika mfano wetu, diski ya ndani itaonekana kama takriban GB 465 na flashi kama takriban GB 7. Usishtuke kwamba GB 500 zimekuwa 465. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. La muhimu ni kuhakikisha kwamba nambari utakayoandika katika amri ya tatu ni ya diski unayotaka kufuta. Mara nyingi ni 0, lakini si kila mara, na diskpart haiulizi kama una hakika.

Angalia pia neno `all` katika amri ya mwisho. Ukiandika `clean` peke yake, kazi itamalizika kwa sekunde chache, na hiyo ndiyo ishara kwamba haijafanyika. Amri hiyo fupi huondoa tu jedwali la mgawanyo wa diski. Ni `clean all` inayoandika sifuri kila mahali.

Itachukua muda gani? Diski ya namna hii huandika takriban MB 100 kwa sekunde, na hupungua kasi inapokaribia mwisho. GB 500 ni MB 500,000, na ukigawanya kwa 100 unapata sekunde 5,000, yaani kama saa moja na dakika 23. Jiandae kwa saa mbili au zaidi kwenye mashine iliyochoka. Katika muda huo wote skrini haitaonyesha chochote, wala asilimia wala mstari unaosogea. Wengi hudhani imekwama na kuizima. Iache. Ikimaliza itaandika `DiskPart succeeded in cleaning the disk.` Ikiwa umeme utapotea na betri haishiki chaji, rudia kutoka mwanzo, kwa kuwa sehemu iliyosalia bado ina faili.

Kuna swali linaloulizwa sana: je, ni lazima kuandika mara 3, mara 7 au mara 35? La. Nambari 35 inatokana na makala ya mwaka 1996 ya Peter Gutmann, aliyekuwa akizungumzia teknolojia za diski za enzi hizo. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba hakuna haja ya kupitisha zote 35 kwenye diski za kisasa. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unakubali kuandika mara moja. Mara moja inayofika mwisho ni bora kuliko mara saba iliyokatizwa katikati.

Diski ya chipu: kuandika juu hakutoshi

Ukichukua njia hiyo hiyo na kuitumia kwa kipakatalishi cha pili, utadhani umemaliza, lakini diski ya chipu haifanyi kazi kama ile ya kuzunguka. Chipu zake huchakaa kila zinapoandikwa. Ili zidumu, diski ina kidhibiti ndani yake kinachogawanya kazi kwa usawa. Unapoamuru sifuri ziandikwe juu ya faili fulani, kidhibiti hicho huziandika kwenye nafasi nyingine iliyopumzika, kisha huiweka ile ya zamani kwenye foleni ya kusafishwa baadaye. Zaidi ya hayo, diski huwa na akiba ya nafasi ambayo Windows haiioni kabisa.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu mbinu za kufuta faili moja moja kwenye diski za aina hii na wakakuta kwamba hakuna hata moja iliyofanikiwa. Kila mara kiasi fulani cha yaliyomo kilibaki kwenye chipu.

Ni kweli kwamba Windows huiarifu diski ya chipu kila unapofuta faili, kwa agizo liitwalo TRIM, na mara nyingi programu za kurudisha faili hazipati kitu baada ya hapo. Lakini hilo hutokea kwa wakati ambao diski yenyewe inauchagua, na agizo hilo huenda lisifike ikiwa diski imeunganishwa kwa kebo ya USB. Siri za wananchi hazifai kuachiwa bahati.

Njia nzuri kuliko zote ni kuiamuru diski ijifute yenyewe, kwa kuwa kidhibiti chake kinazijua hata nafasi zilizofichwa. Vipakatalishi vingi vya kazi za ofisi vina agizo hilo ndani ya mipangilio ya BIOS, ile skrini inayofunguka unapobonyeza F2, F10 au kitufe kingine mara tu unapowasha mashine. Kwenye mashine za HP tafuta `Secure Erase` katika sehemu ya usalama. Kwenye Dell nyingi linaitwa `Data Wipe`. Kazi hii mara nyingi huchukua dakika chache tu kwenye diski ya chipu, na hapa wepesi huo si ishara ya ubaya.

Kama mashine yako haina agizo hilo, tumia njia ya pili yenye hatua mbili: simba diski, kisha uweke Windows upya. Kusimba ni kugeuza yaliyomo kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Ufunguo ukiharibiwa, hata anayezing'oa chipu hupata mchanganyiko usio na maana. Windows za Pro zina BitLocker kwa kazi hii, na mashine nyingi za Home zina `Device encryption` kwenye mipangilio. Kuona hali ilivyo, fungua `Command Prompt` kama msimamizi na uandike:

```
manage-bde -status C:
```

Soma mstari wa `Conversion Status`. Ukisema `Fully Encrypted`, diski nzima imesimbwa. Ukisema `Used Space Only Encrypted`, ni sehemu iliyokuwa ikitumika tu iliyosimbwa, na faili zilizofutwa kabla ya hapo huenda bado zinasomeka. Ukisema `Fully Decrypted`, hakuna kilichosimbwa. Unapowasha BitLocker kwa ajili ya kazi hii, chagua kusimba diski nzima na ungoje mpaka ifike asilimia 100.

Kisha nenda `Settings`, `System`, `Recovery`, ubofye `Reset PC`. Chagua `Remove everything`. Usiharakishe kuendelea. Bofya `Change settings` na uwashe swichi ya `Clean data`. Bila swichi hiyo, Windows huondoa faili kwa njia ile ile ya karani na daftari lake.

Njia hii ina mpaka wake, na ni vyema tuuseme. Ikiwa diski ilitumika miaka mitatu bila kusimbwa na ukaisimba wiki ya mwisho, vipande vya zamani vinaweza kubaki kwenye akiba iliyofichwa. Programu za kawaida za kurudisha faili hazivifikii. Anayeweza kuvifikia ni mtaalamu mwenye vifaa vya kung'oa chipu na kuzisoma moja moja. Kwa kipakatalishi cha nyumbani kiwango hicho kinatosha. Kwa diski yenye rekodi za hospitali au majina ya watoto, tumia agizo la diski yenyewe au uiharibu kabisa. Na kwa mashine mpya, somo ni kusimba siku ya kwanza, kabla faili hata moja haijaingia.

Thibitisha kwa kutumia programu za wadukuzi wenyewe

Usiamini ujumbe wa skrini peke yake. Februari 2022, Microsoft ilikiri kwamba kwenye baadhi ya matoleo ya Windows, faili zilizokuwa zimeshushwa kutoka OneDrive ziliweza kubaki hata baada ya mtumiaji kuchagua kuondoa kila kitu. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini inaonyesha kwa nini ukaguzi ni sehemu ya kazi.

Ukaguzi huanza kabla ya kufuta. Andika hati ndogo yenye neno lisiloweza kupatikana kwingine, kwa mfano `KIFARUKIJANI4471`, uihifadhi kama PDF na uiweke pamoja na faili za basari. Kisha endesha PhotoRec juu ya diski na uhifadhi matokeo kwenye diski nyingine ya nje, kamwe si kwenye diski ile ile. Utaona inatoa maelfu ya faili, zikiwemo nyingine ulizosahau kwamba ulizifuta mwaka jana. Hati yako ya alama itakuwa miongoni mwao.

Sasa futa kwa njia inayofaa diski yako. Kabla ya kusakinisha Windows tena, itoe diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kasha la USB, na uendeshe PhotoRec kwa mara ya pili. Kompyuta ikiuliza kama ungependa kuifomati diski hiyo, kataa. Kwa diski ya kuzunguka ya GB 500, kusoma nako kutachukua saa moja na nusu hadi mbili. Matokeo yanayotakiwa ni faili sifuri. Si faili chache, wala si faili zilizoharibika. Zikipatikana hata tatu, `clean all` haikufika mwisho au ulifuta diski isiyo yake. Rudia.

Kwa aliyetumia njia ya kuweka Windows upya, sifuri haiwezekani, kwa kuwa Windows yenyewe huja na picha na sauti zake. Hapo angalia tarehe na yaliyomo. Ukiona mandhari ya Windows na alama za programu tu, ni sawa. Ukiona picha moja ya kitambulisho, au ukitafuta neno lako la alama na likajitokeza, kazi haijaisha.

Ukisharidhika, unaweza kusakinisha Windows tena ili anayenunua apate mashine inayofanya kazi. Kwa Windows 10 na 11 kibali cha matumizi kwa kawaida huwa kimefungamanishwa na mashine, kwa hivyo itajitambua yenyewe ikiunganishwa na mtandao.

Ukitaka kufuta faili chache na kuendelea kutumia mashine

Si kila mtu anauza. Pengine unarudisha kipakatalishi cha ofisi ulichokuwa ukitumia na mwenzako, na unataka folda moja tu iondoke. Kwenye diski ya kuzunguka, futa faili, mwaga `Recycle Bin`, kisha fungua `Command Prompt` na uandike:

```
cipher /w:C:\
```

Amri hii haigusi faili zako zilizopo. Huandika juu ya nafasi huru tu, mara tatu, na inaweza kuchukua saa nyingi. Ikikatizwa, huacha folda iitwayo `EFSTMPWP` ambayo inaweza kujaza diski yako. Ifute na uanze tena. Fahamu pia kwamba faili ndogo sana, zisizofika KB 1, huwekwa ndani ya orodha yenyewe ya diski na cipher haizifikii. Nenosiri uliloliandika kwenye hati ya mstari mmoja linaweza kuwa mojawapo.

Kinachowaangusha wengi hapa, hata hivyo, ni nakala. Fomu moja ya basari inaweza kuwa kwenye folda ya `Downloads`, kwenye barua pepe iliyoileta, kwenye OneDrive, na kwenye nakala ambazo Windows hujihifadhia ili irudi nyuma mambo yakiharibika. Nakala hizo za Windows huonekana kwa kuandika `vssadmin list shadows` katika `Command Prompt` iliyofunguliwa kama msimamizi. Ziondoe kabla ya kuendesha cipher, la sivyo umefagia sebule na kuacha chumba cha nyuma. Kwenye diski ya chipu, njia hii ya faili moja moja haina uhakika, kwa sababu tulizozieleza. Huko kinga ni kusimba.

Mashine ikiwa haiwaki

Kipakatalishi kilichokufa ndicho huuzwa bila kufikiriwa, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kukifungua. Lakini mara nyingi kilichokufa ni ubao, chaja au skrini, na diski ni nzima. Mwombe fundi aitoe mbele yako. Ni kazi ya skrubu chache. Ukiweza, iunganishe kwenye kompyuta nyingine na uifute kama tulivyoeleza. Ukitumia diskpart huko, kagua nambari ya diski mara mbili, maana sasa 0 huenda ikawa ni diski ya kompyuta uliyoazima.

Diski ikiwa haisomeki kabisa, iharibu. Ya kuzunguka itobolewe kwa drili kupita kwenye sahani, mahali kadhaa. Vaa miwani ya kukinga macho, kwani sahani za diski za vipakatalishi nyingi ni za kioo na hupasuka. Ya chipu haiharibiki kwa tundu moja, kwa kuwa chipu iliyosalia nzima bado ina habari. Kila chipu nyeusi kwenye kibao chake ivunjwe. Usichome moto chochote, na ondoa betri kwanza. Baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina chipu zilizouziwa kwenye ubao mkuu. Hivyo mpelekee mtaalamu.

Kwa ofisi za kaunti, kila diski iliyofutwa au kuvunjwa iandikiwe kumbukumbu: nambari yake ya mtengenezaji, njia iliyotumika, tarehe, matokeo ya ukaguzi, na sahihi ya aliyefanya pamoja na shahidi. Karatasi hiyo iambatishwe kwenye faili ya uondoaji wa vifaa kabla ya mnada kutangazwa. Wananchi wenye mashine za kufuta wanaweza kuuliza maelezo zaidi katika kitengo cha TEHAMA cha kaunti saa za kazi. Njoo na chaja yako, na uwe umekwisha kunakili faili unazotaka kubaki nazo.